Anayehema na Anayemtuma

Feni inavuma, kompyuta imepata joto, na mwenyewe hajafungua kitu zaidi ya barua moja. Ukibonyeza Ctrl+Shift+Esc unaikuta Antimalware Service Executable juu kabisa ya orodha, imekamata theluthi ya kichakataji. Watu wengi huishia hapo: wanailaumu programu ya kukagua virusi na kuanza kutafuta namna ya kuizima. Lakini mkaguzi huyu, ambaye jina la faili lake ni MsMpEng.exe, mara nyingi huamshwa na mwingine. Programu inapofungua faili jipya au lililobadilika, yeye hulipitia kwanza. Kwa hiyo anayehema si lazima awe ndiye aliyeanzisha kazi.

Wa kumtafuta ni huyo anayemtuma, na kifaa cha kumtafutia kimo ndani ya Windows. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika `resmon`, kisha Enter.

Tuchukue kompyuta ya duka la kuchapa na kutoa fotokopi, yenye kumbukumbu ya GB 4. Kila asubuhi, kwa saa mbili hivi, inakuwa nzito kiasi kwamba mteja anasubiri ukurasa mmoja ufunguke. Kwenye ukurasa wa CPU wa resmon, safu ya Average CPU inaonyesha MsMpEng.exe kwenye 34. Safu hii ndiyo ya kuiamini, kwa kuwa inakupa wastani wa dakika nzima, si mruko wa sekunde moja. Chini yake ipo SearchIndexer.exe kwenye 6 tu, na ndugu yake SearchProtocolHost.exe kwenye 4. Hao wawili ni watengenezaji wa faharasa, ile inayokuwezesha kuandika neno kwenye kisanduku cha kutafutia na kupata faili papo hapo.

Weka alama kwenye kisanduku kilicho kando ya MsMpEng.exe, uhamie ukurasa wa Disk, ufungue sehemu ya Disk Activity. Sasa unaona mafaili yenyewe. Usikimbilie kuamua, acha dakika moja ipite huku ukisoma njia za mafaili. Katika duka letu zote zinaanza na `C:\Users\Public\Documents\Kazi`, na majina yanabadilika moja baada ya jingine, kama mtu anayepekua rafu nzima ya majalada. Hiyo si kazi ya mtu aliyefungua barua moja.

Hapa pana mtego. Ukurasa wa Disk huonyesha kinachosomwa kwenye diski hasa. Mkaguzi akishalisoma faili, nakala yake hubaki kwenye kumbukumbu, na mtengeneza faharasa akija nyuma yake husomea huko, bila kuonekana kwenye orodha. Ndiyo maana mtumaji anaweza kuwa kimya huku anayetumwa anapiga kelele. Njia ya uhakika ni kumsimamisha kwa muda anayeshukiwa kuwa mtumaji, yaani mtengeneza faharasa. Fungua Command Prompt kwa ruhusa ya msimamizi, uandike:

```
net stop wsearch
```

Subiri dakika mbili. MsMpEng.exe ikishuka, umempata. Isiposhuka, na njia za mafaili zikawa zinazunguka `C:\Windows` na `C:\Program Files`, huenda ni ukaguzi wa ratiba, na huo utaisha wenyewe. Kwenye duka letu ilishuka kutoka 34 hadi 9.

Lakini faharasa ikishakamilika hutulia. Kwa nini ianze upya kila asubuhi? Jibu lilikuwa kwenye faili dogo la amri lililowekwa liendeshwe kompyuta inapowashwa, ili kuleta kazi za wateja kutoka diski ya nje:

```
rmdir /S /Q C:\Users\Public\Documents\Kazi
xcopy D:\Kazi C:\Users\Public\Documents\Kazi /E /I
```

Mstari wa kwanza unafuta kila kitu, wa pili unakirudisha. Kwa macho ya Windows, maelfu ya mafaili yamezaliwa upya: mkaguzi lazima ayapitie na faharasa lazima iyasajili. Dawa ni kunakili yaliyobadilika tu:

```
robocopy D:\Kazi C:\Users\Public\Documents\Kazi /E /FFT
```

Hiyo `/FFT` inavumilia tofauti ya sekunde mbili kwenye saa za mafaili, jambo ambalo diski za nje za mfumo wa FAT hulihitaji. Bila hiyo robocopy inaweza kuyaona yasiyobadilika kuwa yamebadilika. Kisha `net start wsearch` ikarudisha utafutaji.

Fundi mwingine angeliweka folda la Kazi kwenye orodha ya yasiyokaguliwa, na feni ingenyamaza siku hiyohiyo. Mimi nalikataa hilo kabisa kwa duka la namna hii, kwa sababu folda hilo ndimo zinamoshukia kazi kutoka flashi za wateja, na hakuna mlango unaohitaji mlinzi kuliko huo.

Asubuhi iliyofuata robocopy ilinakili mafaili 23. MsMpEng.exe ilipanda kwa dakika moja, kisha ikakaa kwenye 2.