Pumu inapochochewa na kuvu: namba ya IgE isomwe vipi?

Wako wagonjwa wa pumu wasiopata nafuu hata wanapovuta dawa zao kila siku kama walivyoelekezwa. Hukohoa makohozi mazito yenye vipande vigumu vya rangi ya kahawia, na picha ya eksirei huonyesha vivuli mapafuni. Katika nchi zetu vivuli hivyo hudhaniwa haraka kuwa kifua kikuu, na wengine humaliza miezi sita ya dawa za ugonjwa huo ilhali vipimo vya makohozi havijawahi kuonyesha vijidudu vyake.

Baadhi yao wana mzio wa kuvu iitwayo aspajilasi, inayoota kwenye majani yanayooza, nafaka iliyovunda na kuta zenye unyevu. Sote tunavuta mbegu zake, nazo hazitudhuru. Lakini kwa baadhi ya wenye pumu, mbegu hizo hunasa kwenye makohozi na kuota humo. Kuvu haili pafu. Ni kinga ya mwili inayoishambulia kwa ukali kupita kiasi, na njia za hewa zikaumia. Madaktari wa Uingereza waliueleza ugonjwa huu mwaka 1952. Ukiachwa bila tiba, njia hizo hutanuka na hazirudi tena katika hali yake.

Tiba ina pande mbili. Prednisoloni, ambayo ni dawa ya steroidi, hutuliza kinga. Itrakonazoli hupunguza kuvu yenyewe, ili kichocheo kiwe kidogo. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2000, wagonjwa 55 waliokuwa wakitegemea steroidi waligawanywa makundi mawili kwa wiki 16. Kati ya 28 waliopewa itrakonazoli, 13 walipata nafuu iliyopimika. Kati ya 27 waliopewa kidonge kisicho na dawa, ni 5 tu. Dawa hii inasaidia, ingawa si kila mtu.

Tuchukue mfano wa kubuni wa mama mwenye kilo 60. Kwa kipimo cha nusu miligramu kwa kila kilo, ataanza na miligramu 30 za prednisoloni kila asubuhi kwa wiki chache, kisha zitapunguzwa kidogo kidogo kwa takriban miezi minne. Itrakonazoli atameza miligramu 200 mara mbili kwa siku, kwa miezi minne hadi sita. Kapsuli zake huhitaji asidi ya tumbo, hivyo humezwa mara baada ya chakula. Anayetumia omeprazoli kwa ajili ya vidonda vya tumbo huenda asinufaike nazo, na jambo hili husahauliwa mno.

Kuna hatari nyingine iliyojificha. Itrakonazoli huzuia ini kuvunja baadhi ya steroidi, hasa budesonidi na flutikasoni zilizomo katika dawa za kuvuta. Hujilimbikiza mwilini, uso ukavimba, ngozi ikachubuka upesi na sukari ikapanda. Kwa hiyo daktari aonyeshwe pia kile kichupa cha kuvuta, si vidonge peke yake. Ini nalo hupimwa kabla na wakati wa tiba, na mwenye moyo ulioshindwa kazi kwa kawaida hapewi dawa hii.

Sasa tuje kwenye kufuatilia. Kipimo kikuu ni kiasi cha jumla cha kingamwili IgE katika damu. Mama yetu alianza na yuniti 4,800. Baada ya wiki nane alipimwa akakutwa na 2,900, maana yake imeshuka kwa asilimia 40. Madaktari hutarajia ishuke angalau kwa robo hivi, pamoja na kikohozi kupungua na vivuli kufifia. Kufikia mwisho wa tiba ilitulia kwenye 1,800.

Hapo ndipo familia nyingi hufadhaika, kwa kuwa karatasi ya maabara bado inasema namba iko juu mno. Lakini mgonjwa wa maradhi haya mara nyingi harudi kwenye kiwango cha watu wengine. Hiyo 1,800 ndiyo msingi wake mpya. Kuongeza steroidi ili kuifukuza namba ni kumdhuru bure. Miezi mitatu baadaye akipimwa na kukutwa na 2,100 huku anapumua vizuri, ataendelea kuangaliwa tu. Ikifika 2,700, yaani nusu zaidi ya msingi wake, na kikohozi kikarudi au kivuli kipya kikaonekana, hapo ugonjwa umeamka na tiba huanza upya.

Minyoo pia hupandisha IgE, na kwetu ni jambo la kawaida. Baadhi yake huweza kusambaa mwilini kwa hatari mtu anapotumia steroidi, hivyo ni vyema choo kipimwe kabla ya prednisoloni kuanza. Karatasi zote za vipimo zitunzwe nyumbani pamoja, kwani daktari mpya asiyeijua ile 1,800 hataweza kuisoma 2,100.