Mauzo ya Simu Yanavyorudi kwenye Ripoti ya Tangazo

Duka la matanki ya maji mjini Mombasa hutangaza Google, lakini mauzo yenyewe hayafanyikii kwenye tovuti. Mteja hubofya tangazo, husoma bei, kisha hupiga simu au hutuma ujumbe wa WhatsApp. Hujadiliana kuhusu usafiri hadi Bamburi au Likoni, na hulipa kwa M-Pesa tanki likifika. Google hajui lolote kati ya hayo. Anachojua ni kwamba mtu alibofya, na pengine kwamba aligusa kitufe cha WhatsApp.

Tuchukue mfano wa duka la namna hiyo lenye matangazo mawili, kila moja likigharimu shilingi 20,000 kwa mwezi. La kwanza linasema bei ya matanki madogo, na watu 50 wanagusa kitufe. La pili ni la tanki la lita 10,000, na wanaogusa ni 16 tu. Ukisoma ripoti ilivyo, mteja mmoja wa tangazo la kwanza amegharimu shilingi 400 na wa la pili shilingi 1,250. Mwenye duka anayefuata ripoti hiyo atalizima la pili. Sasa fungua daftari la oda. Wale 50 walinunua matanki manne ya shilingi 9,000, jumla 36,000. Wale 16 walinunua matano ya shilingi 85,000, jumla 425,000. Ripoti haikudanganya, ila ilihesabu vidole vilivyogusa kitufe badala ya fedha zilizoingia. Na si mwenye duka peke yake anayepotea: mfumo wa Google unaopanga dau la kila tangazo nao husoma hesabu hiyo hiyo, kwa hiyo utazidi kutafuta watu wa kuuliza bei.

Dawa yake ni kuyarudisha mauzo Google, kila moja likiambatana na mbofyo uliolileta. Hilo linawezekana kwa sababu kila mbofyo una namba yake. Ukiwasha Auto-tagging kwenye akaunti, Google huongeza mwishoni mwa anwani ya ukurasa neno `gclid=` likifuatwa na mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu. Huo ndio utambulisho wa mbofyo huo, na hakuna mwingine unaofanana nao. Asipoutunza mtu, hupotea mara mteja anapofunga ukurasa.

Kwenye fomu ya tovuti kazi ni rahisi: fundi huweka kisanduku kisichoonekana kinachobeba gclid pamoja na jina na simu ya mteja. Kwenye simu na WhatsApp ndipo wengi hukata tamaa, ilhali njia ipo. Ukurasa unapofunguka, tovuti huihifadhi gclid na kuipa namba fupi, tuseme K482. Kitufe cha WhatsApp hufungua ujumbe ulioandikwa tayari: “Habari, naulizia tanki, namba K482.” Anayependelea kupiga huiona namba hiyo kando ya namba ya simu, na anayepokea humwuliza. Karani huiandika K482 kwenye daftari la oda. Tanki likishalipiwa, hutafuta gclid iliyofichwa nyuma ya namba hiyo na kujaza mstari mmoja kwenye faili:

```
Parameters:TimeZone=+0300
Google Click ID,Conversion Name,Conversion Time,Conversion Value,Conversion Currency
EAIaIQobChMI...,Mauzo ya simu,2025-03-18 15:20:00,85000,KES
```

Jina “Mauzo ya simu” lazima liwe limeundwa kwanza ndani ya akaunti, na liandikwe vile vile, herufi kwa herufi. Gclid yenyewe hutofautisha herufi kubwa na ndogo, kwa hiyo haiandikwi kwa mkono bali hunakiliwa. Faili hupakiwa kwenye ukurasa wa Uploads, nao hurudisha majibu: mistari mingapi imepokelewa, mingapi imekataliwa, na kwa nini.

Sababu moja ya kukataliwa inatuhusu sisi hasa. Mteja alibofya saa mbili na dakika hamsini asubuhi, akaagiza saa tatu na dakika kumi. Karani, kama tunavyohesabu saa siku zote, ameandika 3:10. Kompyuta inasoma saa tisa na dakika kumi za usiku, inaona mauzo yametangulia mbofyo, na kuutupa mstari. Ilipaswa kuwa 09:10. Kosa hilo likitokea kwa oda ya siku ya pili yake halionekani kabisa, kwa kuwa mauzo bado yako baada ya mbofyo. Mstari hupokelewa ukiwa na saa isiyo yake. Ukiona mistari mingi imekataliwa kwa sababu ya wakati, anza kuchunguza hapo, kisha angalia kama mstari wa kwanza wa faili una +0300.

Kuna na muda wa kuzingatia. Google hapokei mauzo yaliyopitisha siku 90 tangu mbofyo, na dirisha la kuhesabu kwa kawaida huwekwa siku 30. Anayejenga nyumba anaweza kuuliza bei leo na kununua baada ya siku 40, kwa hiyo muuza matanki makubwa anapaswa kulirefusha dirisha hilo mapema. Vile vile mauzo huandikwa kwenye siku ya mbofyo, si siku ya malipo. Tanki lililolipiwa tarehe 18 litaonekana tarehe 3 ikiwa ndipo mteja alipobofya. Ndiyo maana wiki iliyopita huonekana dhaifu kila mara, kisha hupanda pole pole. Usilihukumu tangazo kabla wateja wake hawajapata muda wa kununua.

Kosa jingine ni kuhesabu mara mbili. Kama kugusa kitufe na mauzo yote mawili yamewekwa kuwa Primary, mteja mmoja huonekana wawili. Mauzo yakishakuwa ya kutosha mwezi hadi mwezi, mguso ushushwe uwe Secondary. Yakiwa mawili matatu tu, mfumo hautakuwa na cha kujifunzia, na ni afadhali mguso ubaki kwa muda.

Asiye na gclid anaweza kulinganisha kwa namba ya simu, iliyoandikwa kwa +254 na kufumbwa kwa SHA-256 kabla ya kutumwa. Meta nao hulinganisha hivyo, na mauzo ya dukani huyapokea hadi siku 62 baada ya kufanyika. Njia hii hukwama mke anapouliza kwa simu yake na mume akalipa M-Pesa kwa ya kwake: karani akiandika namba ya malipo, hakuna kitakacholingana. Tena namba ya simu ni taarifa ya mtu hata ikiwa imefumbwa. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya 2019 inakutaka umweleze mteja unaitumiaje, kwa hiyo maelezo hayo yawepo kwenye tovuti kabla ya faili la kwanza kupakiwa.

Aliyeona tangazo bila kulibofya, kisha akaja dukani kwa miguu, gclid haitamfikia. Tanki likirudishwa, mstari wake nao ufutwe kwa marekebisho ya RETRACT, la sivyo ripoti itaendelea kuhesabu fedha ulizokwisha kumrudishia mteja.

Wewe unayemlipa mtu akuendeshee matangazo, kabla ya malipo ya mwezi ujao mwombe akufungulie ukurasa wa Uploads mbele yako. Ukiwa mtupu, na duka lako linauza kwa simu, ripoti unayoletewa huenda haina mauzo ndani yake.