Hela Zipo, Lakini kwa Jina Gani?

Mjomba wangu alipopigwa na kiharusi, hela za kumtibu zilikuwepo. Zilikuwa benki, mtaa wa pili tu kutoka hospitali aliyolazwa, mjini Morogoro. Mkewe alikwenda na kadi, kitambulisho na karatasi ya daktari. Yule dada wa kaunta alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia, "Pole sana mama, lakini akaunti ni ya mzee peke yake." Mjomba hakuweza kutamka neno wala kushika kalamu. Ikabidi tuchangishane.

Nilikasirika sana siku ile, lakini yule dada alikuwa sahihi. Mbele ya benki ndoa haimpi mtu ruhusa ya kutoa hela za mwenzake. Mgonjwa, hata akiwa hajitambui, bado ndiye mwenye akaunti, na benki humsikiliza yeye au mtu aliyempa mamlaka kwa maandishi alipokuwa na akili timamu. Hati ya uwakilishi inayoandikwa kwa wakili husaidia pale mwili unapochoka na akili ingali nzima, kwa mfano mtu akivunjika mguu. Akili ikishapotea, hati hiyo inaweza kukataliwa, na mwenyewe akifariki nguvu yake imekwisha.

Kwa hiyo, kwa hela ya hospitali, mimi naamini zaidi akaunti ya pamoja. Fomu ya kuifungua huuliza kama saini ya mmoja inatosha au lazima wote wawili wasaini. Wengi huchagua wote wawili kwa kuogopana, na mmoja akizimia yule mwingine anakwama vilevile. Chagueni saini ya yeyote, kisha wekeni humo kiasi cha matibabu tu, kwa sababu kila mmoja ana uwezo wa kuzitoa zote.

Mjomba alifariki baada ya wiki saba. Hapo tukaingia njia nyingine kabisa: cheti cha kifo kutoka RITA, kikao cha familia cha kupendekeza msimamizi na muhtasari wake wenye saini, kisha Mahakama ya Mwanzo, ambako tangazo hubandikwa ili mwenye pingamizi ajitokeze. Binti yake mkubwa akateuliwa msimamizi wa mirathi. Alipewa miezi minne kupeleka mahakamani orodha ya mali na madeni.

Tulichelewa kwenye majina. Akaunti, aliyoifungua miaka ya tisini, ilikuwa na jina lake na la baba yake. Kitambulisho cha NIDA kilikuwa na matatu, la ukoo likiwa mwisho. Hati ya kiwanja ilibeba jina la ubatizo, ambalo hata jirani hakulijua. Kila ofisi ikauliza kama huyu na yule ni mtu mmoja, na kila mara tukarudi kutafuta hati ya kiapo. Mwenyewe angekuwa hai, angekwenda benki na kitambulisho chake akaomba jina lirekebishwe. Toa nyaraka zako zote leo, zipange mezani, usome majina herufi kwa herufi. Ally na Ali, kwa karani, wanaweza kuwa watu wawili.

Hisa zake za SACCOS tulizijua kwa bahati, kadi ilipoanguka kutoka mfuko wa koti. Mkopo nao tuliujua kwa simu ya kudai. Mikopo mingi ya mishahara huwa na bima inayolipa deni mkopaji akifariki, ila lazima mtu apeleke taarifa na cheti cha kifo. Asiyejua huendelea kulipa.

Baada ya mazishi nilinunua daftari la kurasa arobaini. Ukurasa wa kwanza nimeandika benki, tawi, namba ya akaunti na jina kama lilivyoandikwa huko. Unaofuata una namba za simu zenye hela na aliyesajili kila laini, kwani laini isiyotumika muda mrefu hufungwa na namba kupewa mwingine. Kisha mfuko wa pensheni na namba ya uanachama, ninaowadai na wanaonidai, na hati ya kiwanja ilipo. Namba za siri sijaandika. Anayetoa hela kwa kadi ya marehemu, hata kama ni za sanda, atadaiwa hesabu na ndugu, na msimamizi atashindwa kuieleza mahakamani. Daftari lipo kabatini. Mke wangu na mdogo wangu wanajua. Kila Januari nalipitia na kuandika tarehe juu.

Mke wa mjomba naye alikwenda benki na yule binti yake, wakafungua akaunti ya pamoja. Kwenye fomu waliweka alama ya vema kwenye saini ya yeyote.