Aking'atwa na Mbwa, Anza na Maji na Sabuni

Tuseme mtoto wa miaka saba anacheza uani kwa jirani, na mbwa mdogo wa miezi minne anamng'ata kiganjani. Ni matundu mawili tu, damu kidogo. Mama anayafuta kwa kanga, mtoto ananyamaza. Majeraha ya namna hii hunitia hofu kuliko yale makubwa, kwa sababu mwenye jeraha kubwa atakimbizwa hospitali hata hivyo.

Virusi vya kichaa cha mbwa hukaa kwenye mate. Vikishapenya jerahani huingia kwenye mshipa wa fahamu na kuufuata polepole kuelekea kwenye ubongo. Safari hiyo mara nyingi huchukua mwezi mmoja hadi mitatu, ingawa huweza kuwa fupi zaidi, hasa jeraha likiwa usoni au kichwani. Muda wote huo mtoto anakula, anacheza, anaenda shule. Dalili zikianza, yaani koo kukakamaa akiona maji, kuweweseka na kupooza, hakuna dawa ya kumponya. Kila tunachoweza kufanya ni cha kabla ya hapo.

Kwa hiyo yule mama aanzie bombani au kwenye ndoo na kopo. Aoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni, hata ya mche, kwa dakika 15 kamili. Gamba la nje la virusi hivi lina mafuta, na sabuni huliyeyusha. Maji yafike ndani ya matundu, hata mtoto akilia. Kisha apake iodini au spiriti. Asipake pilipili, majivu wala mafuta ya taa. Vitu hivyo huchubua nyama na kupoteza muda.

Baada ya hapo ni hospitali, siku hiyohiyo. Ni vizuri kupiga simu kwanza, maana si kila zahanati huwa na chanjo. Jeraha lililotoa damu linahitaji vitu viwili. Cha kwanza ni chanjo, ambayo huufundisha mwili kutengeneza kinga, lakini kinga hiyo huhitaji wiki moja au zaidi kujengeka. Cha pili ni kingamwili zilizokwisha tengenezwa, ambazo huchomwa ndani na kandokando ya jeraha lenyewe ili zilinde katika siku hizo za mwanzo. Ndiyo maana daktari huepuka kulishona jeraha mara moja. Siku ya sindano ya kwanza huhesabiwa sifuri, kisha mtoto hurudi siku ya 3 na ya 7. Chanjo ikichomwa kwenye msuli, huwa kuna sindano nyingine kati ya siku ya 14 na ya 28. Wengi huacha kurudi jeraha likikauka, na hilo ni kosa la hatari. Aliyechelewa siku kadhaa pia aende. Maadamu hana dalili, chanjo bado ina kazi.

Na mbwa je? Akipatikana, afungwe, alishwe na kuangaliwa kwa siku 10. Mbwa huanza kutoa virusi kwenye mate siku chache tu kabla ya kuugua, na akishaugua hafiki mbali. Akiwa mzima siku ya 10, hakuwa na virusi mateni siku aliyong'ata, na daktari anaweza kusitisha sindano zilizobaki. Lakini chanjo ya mtoto haingoji siku hizo zipite. Mbwa mwenye kichaa si lazima awe mkali. Wengine hupoa, taya likalegea na mate yakachuruzika, na mwenye mbwa akadhani mfupa umekwama kooni. Usimtie mkono mdomoni. Mwite afisa mifugo. Mbwa akiuawa, kichwa kisipondwe, kwa sababu kipimo hufanywa kwenye ubongo.

Mkasa huu wote ungezuilika kwa yule mbwa kuchanjwa. Wengi hungoja mbwa akue kwanza, ilhali hata watoto wa mbwa huchanjwa, na ndio wanaoshikwashikwa zaidi na watoto. Tukichanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo, virusi hukosa wa kuambukiza. Kiwango hicho hushuka haraka kwa sababu mbwa hufa wakiwa wadogo na wengine huzaliwa, hivyo kampeni hurudiwa kila mwaka. Kuua mbwa hakusaidii: wengine huletwa kujaza nafasi, na mara nyingi wanaouawa ni wale waliokwisha chanjwa.

Pemba imeonyesha hivyo. Kampeni za uchanjaji ziliumaliza ugonjwa kisiwani mwaka 2014. Mwaka 2016 virusi viliingia tena kutoka nje ya kisiwa, mbwa wakachanjwa upya, na kufikia mwisho wa 2018 ugonjwa ulikuwa umeondoka tena. Kwa hiyo ukiletewa mbwa kutoka kwingine, awe mdogo au mkubwa, na hana kadi ya chanjo, mpeleke kwa afisa mifugo wiki hiyohiyo.