Ukuta Ulioanguka Pasipo Kamera

Usiku mmoja wa masika, baada ya swala ya Isha, ukuta wa kaskazini wa madrasa yetu ulianguka. Watoto walikuwa wamekwisha kurejea makwao, na hapakuwa na mtu aliyeinua simu kupiga picha. Kulipopambazuka mwalimu alipiga picha tatu: tofali zilizolowa, bati lililojikunja, na misahafu iliyotandazwa juu ya mikeka ili ikauke. Picha hizo, pamoja na sauti ya mwalimu akisimulia kwa dakika nne, ndizo kumbukumbu pekee tulizokuwa nazo kamati ilipoazimia kutengeneza video ya kuwaomba waumini mchango wa kujenga upya.

Kijana wetu aliyepewa kazi ya kuihariri alikuta pengo. Mwalimu anasimulia kuanguka kwa ukuta kwa sekunde 40, na picha tatu zilizotulia haziwezi kuubeba muda wote huo. Kwa desturi ya watengenezaji video, mahali kama hapo hutiwa picha za kusindikiza maneno: mvua, mti unaoyumba, mkono unaofungua kitabu. Kijana akaielekea akili mnemba, yaani programu inayozalisha picha kutokana na maelezo yaliyoandikwa. Aliandika kwamba anataka ukuta wa madrasa uanguke usiku wa mvua kubwa, na baada ya dakika chache akapata kipande cha sekunde nane. Kilikuwa kizuri mno. Maji yalifoka, ukuta ukaporomoka, na watoto watatu wenye kanzu na kofia wakatimua mbio huku wakilia.

Kabla ya kuitoa, tuliwaonesha wazee wachache. Bibi mmoja auzaye vitumbua jirani na madrasa alifuta machozi, kisha akauliza: "Wanangu, wale watoto walipona?"

Tulitazamana. Hapakuwa na watoto. Mwalimu hakuwataja, na hakuna miongoni mwetu aliyetamka uongo. Picha ndiyo iliyosema, na mchango ambao bibi yule alikuwa tayari kuutoa ungetolewa kwa ajili ya watoto ambao hawakuwapo.

Kisa hiki kilitufundisha jambo ambalo hatukulijua. Programu hizi haziyajui yaliyotokea. Zimejifunza kutokana na wingi wa picha, nazo hukamilisha maelezo yetu kwa yale ambayo aghalabu huonekana pamoja. Maafa huonekana pamoja na watoto wanaolia. Kwa hiyo ukiomba maafa, huenda ukapewa na watoto. Hivyo programu haizibi pengo tu, bali huongeza habari, na nyongeza hiyo huja na mwanga na mwendo ule ule wa picha ya kweli.

Wengine miongoni mwetu walishauri kwamba kipande kibaki, na chini yake tuandike kuwa kimetengenezwa. Lakini maandishi peke yake hayatoshi. Mwaka 2023 shirika la Amnesty International, kupitia tawi lake la Norwe, lilitoa picha za akili mnemba zilizoonesha ukatili wa polisi katika maandamano ya Kolombia ya mwaka 2021. Nia yake ilikuwa kuzilinda sura za waandamanaji, na chini ya picha paliandikwa kwamba zimetengenezwa. Watazamaji wakagundua kuwa rangi za bendera ya Kolombia hazikuwa katika mpangilio wake. Lawama zikawa nyingi, na shirika likaziondoa picha hizo. Ukatili wenyewe ulikuwa wa kweli, lakini picha za kubuni ziliwapa sababu ya kutilia shaka hata yale yaliyothibitishwa.

Kwa hiyo tuliweka kipimo kimoja kwanza: zima sauti, tazama picha peke yake, kisha uliza mtazamaji ataondoka akiamini nini kimetokea. Kama ataamini jambo ambalo shahidi wetu hakulisema, kipande kinatoka, hata kiwe kizuri kiasi gani. Kwa kipimo hicho hatuzalishi kamwe tukio lenyewe kwa sura ya picha halisi, wala watu, wala majeruhi, wala ukubwa wa hasara. Maana hayo ndiyo mambo ambayo mtoa mchango huyategemea anapoamua.

Kisha tukazigawa upya zile sekunde 40. Sekunde 18 tulizijaza kwa vitu vyetu wenyewe: zile picha tatu zikisogezwa taratibu kwenye kioo, na mwalimu akitembea leo juu ya msingi, akionesha kwa fimbo mahali ukuta ulipokuwa. Hatukuitia picha yoyote ya mwalimu kwenye programu ili iifanye itembee, kwa kuwa ingebuni yaliyo nje ya ukingo wake na kuuharibu ushahidi tulionao. Sekunde 10 ni mvua ya kweli juu ya bati, tuliyoipiga wiki mbili baadaye. Hata hapo tuliandika: "Mvua ya siku nyingine." Picha ya kweli nayo hupotosha ikiwekwa mahali pa usiku usio wake.

Zikabaki sekunde 12, za kueleza jinsi maji yalivyoula msingi kutoka chini. Hapo ndipo tuliporuhusu akili mnemba, lakini tuliomba mchoro wa mistari ya mkaa, usio na mtu, usiofanana na picha ya kamera. Wala hatukuuchakaza uonekane kama mkanda wa zamani, maana mikwaruzo ya kutiwa humfanya mtazamaji adhani ameona kumbukumbu. Tulipata michoro mitano, na mwalimu akaikataa minne. Mmoja ulikuwa na kuba, mwingine mnara, na madrasa yetu haina hata kimoja. Mwingine ulionesha ukuta ukiangukia ndani, ilhali uliangukia nje. Wa nne ulikuwa na jozi ya viatu vidogo mlangoni. Watoto walikuwa wanarudi tena kwa njia ya mafumbo. Mchoro uliokubaliwa ulikuja na sauti ya kilio ambayo hatukuiomba. Tukaifuta, tukaiacha sauti ya mwalimu pekee.

Likabaki suala la alama. Tangazo linalowekwa mwishoni mwa video halimfikii aliyetumiwa kipande cha katikati kwa WhatsApp. Baadhi ya programu hutia alama iliyofichwa ndani ya faili, lakini jicho haliioni, na mara nyingi hupotea video inapopunguzwa ukubwa na kusambazwa. Kwa sababu hiyo maneno "Mchoro wa akili mnemba, si picha ya tukio" yamepachikwa ndani ya picha yenyewe, sehemu ya juu, kwa herufi zinazosomeka kwenye simu ndogo, na yanabaki kwa sekunde zote 12. Na kwa kuwa wapo wasiosoma, mwalimu anatangulia kusema: "Usiku ule hakuna aliyepiga picha; huu ni mchoro wa kueleza." Maelezo tuliyoiandikia programu, tarehe, na michoro iliyokataliwa tumeviweka katika faili la kamati, ili atakayeuliza aoneshwe.

Video ilipokamilika tulimwita tena bibi wa vitumbua. Safari hii hakulia. Aliitazama hadi mwisho, akanyamaza kidogo, kisha akauliza ukuta ulikuwa na urefu gani na zinahitajika tofali ngapi. Tulimjibu kwamba ulikuwa mita sita, na idadi ya tofali fundi ataileta Ijumaa. Akasema atarudi Ijumaa.