Faili nene, barua ya ukurasa mmoja

Wazazi wenzetu, wengi mnatuuliza: mtoto ana faili nene la miaka mitatu, mbona akienda kwa daktari bingwa anapewa karatasi moja tu?

Tuchukue msichana wa miaka 11 mwenye ugonjwa wa moyo ulioanzia kwenye maambukizi ya koo yasiyotibiwa. Faili lake limejaa malaria, kuhara na upele. Hayo tabibu anayaacha. Barua inaanza na swali: je, vali ya moyo imeharibika kiasi gani, na anahitaji upasuaji? Zinafuata dalili na muda wake: miezi 2 sasa akitoka bombani na ndoo anahema, usiku analala ameegemea mito. Halafu kile tabibu alichosikia kifuani, uzito, na dawa anazomeza na kiasi chake.

Mstari unaosahaulika ni wa sindano ya penisilini, ile ya kila wiki 4. Lazima iandikwe tarehe ya mwisho kuchomwa, na zile alizokosa. Bila hiyo bingwa hajui kama moyo unazidi kuharibika kwa sababu sindano zilikatika, au zilichomwa zote na bado hali inazidi. Na kama penisilini iliwahi kumvimbisha, hilo liandikwe juu kabisa.

Basi mama, kabla ya kutoka pale mwombe tabibu akusomee barua. Kama mlikosa sindano mbili wakati wa mvua, mwambie zote mbili, usifiche. Kadi ya sindano nayo uibebe.