Tarehe 31 Inapopotea Februari

Tuseme mwenye duka la vifaa vya ujenzi Bagara, mjini Babati, alijiunga na huduma ya kutunza hesabu kwenye mtandao tarehe 31 Januari 2025, akakubali kadi yake ikatwe kila mwezi. Februari 2025 haikuwa na tarehe 31, kwa hiyo alikatwa tarehe 28. Hapo hakuna kosa. Swali ni Machi atakatwa lini.

Jibu linategemea programu inahesabu kuanzia wapi. Hifadhidata ya PostgreSQL inaonyesha njia mbili waziwazi:

```
SELECT date '2025-01-31' + interval '2 months';
SELECT date '2025-01-31' + interval '1 month'
                         + interval '1 month';
```

Mstari wa kwanza unaruka miezi miwili kutoka siku ya kujiunga na kutua tarehe 31 Machi. Hesabu ya pili inapitia Februari, inabanwa hadi tarehe 28, kisha inaendelea kutoka hapo na kutua tarehe 28 Machi. Programu iliyotunza tarehe ya makato ya mwisho peke yake haina tena kumbukumbu ya 31. Mteja atakatwa tarehe 28 miezi yote inayofuata, wala hakuna aliyeamua hivyo.

Ndipo tatizo la pili linapozaliwa. Mwenye duka huweka fedha kwenye kadi tarehe 30, akijua makato ni mwisho wa mwezi. Tarehe 28 Machi kadi haina salio, malipo yanakataliwa. Mifumo mingi hujaribu tena baada ya siku chache; tuseme jaribio la tarehe 31 linafanikiwa. Mfumo ukishikilia tarehe 28, makato yajayo ni tarehe 28 Aprili, siku 28 tu baadaye, na kwake itaonekana amekatwa mapema. Ukianza kuhesabu upya kutoka siku ya malipo, atakatwa tarehe 30 Aprili. Njia zote mbili zinatumika, na kwa maoni yangu mteja anastahili kuelezwa ipi inamhusu kabla ya kutoa namba ya kadi.

Risiti tatu za mfululizo, ikiwa hakuna malipo yaliyokataliwa, zinatosha kutambua. 31, 28, 31: mfumo unakumbuka siku ya kujiunga. 31, 28, 28: umeisahau. Tofauti ya siku moja tu huenda ni ya saa: seva nyingi hufuata saa ya dunia, iliyo nyuma ya Babati kwa saa tatu, hivyo makato ya saa nne usiku ya tarehe 31 kwa saa hiyo huku ni saa saba usiku, tarehe 1.

Kwa mwandika programu, tiba ni kutunza tarehe mbili: ya kujiunga, isiyobadilika, na ya makato yajayo, inayokokotolewa kutoka hiyo ya kwanza kila mara. Mteja anayeruhusiwa kuchagua siku achague kati ya 1 na 28, kwa kuwa hizo zipo katika kila mwezi.